Nyayo za Mjukuu wa Bi Samiha

Mara ya kwanza nilianguka kwa sababu ya mpira wa kufyonza ute. Mara ya pili nilianguka kwa sababu ya maombi.

Mimi si mgeni wa kazi hii. Nimekuwa muuguzi wa cheti kwa miaka ishirini na miwili, kumi na minne kati yake katika zahanati moja hapa Kisauni, na baadhi ya watoto niliowapokea kwa mikono hii sasa wana ndevu. Lakini cheti siku hizi hakitoshi. Kwa hiyo, nikiwa na miaka arobaini na tisa, nilijiandikisha masomo ya jioni ya diploma kule Bakarani, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Tunasoma huku fundi wa chini akigonga rimu. Mwalimu wetu wa ukunga anaitwa Fairuz. Ana miaka thelathini na mmoja. Nilipiga hesabu nikakuta kwamba mwaka nilioanza kukata vitovu, yeye alikuwa darasa la tatu.

Mtihani wake wa vitendo una sehemu mbili. Ya kwanza ni kumzindua mtoto mchanga asiyepumua, na mtoto mwenyewe ni mwanasesere wa mpira ambaye wanafunzi walimpa jina la Ronny. Ya pili ni kumtembelea mtoto mchanga wa kweli nyumbani kwao na kumpima umanjano mbele ya mwalimu. Jumamosi ya jaribio langu la tatu ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Nikianguka sehemu moja, narudia mwaka mzima, na mwaka mzima mwingine wa zile rimu sikuuona moyoni mwangu.

Ule mpira wa kufyonza ulinitokea hivi. Tulipofundishwa zamani, mtoto akitoka, jambo la kwanza lilikuwa kumfyonza mdomo na pua. Wote, wanaolia na wasiolia. Mkono wangu umezoea. Ronny alipowekwa mbele yangu, mkono ulikwenda wenyewe.

"Umefyonza nini?" Mwalimu Fairuz aliuliza.

"Ute."

"Ute upi, Mama Pascalia? Kadi imesema mdomo ni msafi. Umemkwaruza koo bure, na kumfyonza hivyo kunaweza kuyashusha mapigo ya moyo wake. Na dakika inakwenda."

Dakika hiyo ndiyo dini yake. Mtoto asiyepumua awe ameanza kupewa hewa kabla dakika ya kwanza haijaisha.

Mara ya pili sikugusa mpira. Nilisimama mbele ya Ronny, nikafumba macho, nikamwomba Mungu kama ninavyomwomba kabla ya kila mzazi. Nilipofumbua, Mwalimu Fairuz alikuwa ananitazama na saa mkononi.

"Sekunde kumi na moja," alisema.

"Mwalimu, siwezi kugusa uhai bila kumtaja mwenye uhai."

"Mtaje. Mikono ikiwa kazini na macho yakiwa wazi. Kwani wanaosikilizwa ni waliofumba peke yao?"

Nilikasirika siku tatu. Kilichonikera zaidi ni kwamba yeye mwenyewe husema bismillahi akivaa glavu. Nimemsikia. Ila midomo yake ikisema, vidole vyake havijasimama hata kidogo.

Jumamosi nilifika saa mbili asubuhi. Msaidizi wangu alikuwa Elkana, mwanafunzi mwenzangu, muuguzi wa zahanati ya kiwanda kimoja Changamwe, mtu mzima kama mimi na mwenye kitambi. Kazi yake ilikuwa kusoma kadi na kunijibu.

"Dada, leo usifumbe," alininong'oneza.

"Soma kadi, Elkana."

"Mtoto amezaliwa sasa hivi. Mimba imetimia miezi. Halii."

Saa ikaanza. Nikamkausha Ronny kwa nguvu, kichwa, mgongo, miguu, nikatupa taulo lililolowa na kumfunika kwa jingine kavu. Nikamsugua mgongo.

"Analia?"

"Halii."

"Anapumua?"

"Hapumui."

Nikabana kitovu, nikakata, nikamhamishia mezani chini ya taa ya joto. Kichwa nikakiweka sawa, kidevu kimeinuka kidogo kama cha mtu anayenusa, si kuinama, si kutupwa nyuma. Nikaweka barakoa ya ule mfuko wa hewa tunaouita ambu: imeshika kidevu, imefunika mdomo na pua, haikugusa macho. Nikaminya.

Kifua hakikuinuka.

Nikaminya tena. Hapana. Kichwani nikayasikia yale maneno ambayo Mwalimu Fairuz ametuimbia miezi tisa hadi nayaota: kifua kimeinuka? Si umeminya mara ngapi. Si umechoka vipi. Kifua kimeinuka?

Nikarekebisha kichwa. Nikaishika barakoa upya, nikaibana vizuri isivuje. Nikaminya. Hapana.

Lililobaki lilikuwa mdomo. Na mdomo ndio niliouogopa, maana ndio ulioniangusha. Nikasimama pale nikibishana na nafsi yangu karibu sekunde mbili nzima, kisha nikaufungua, nikatazama. Ndani kulikuwa na donge la pamba iliyoloweshwa. Yule binti alikuwa ametia pamba mdomoni mwa Ronny! Baada ya kunisema vile mbele ya darasa zima kwa kufyonza mdomo msafi, leo ameuziba.

Nikauondoa ule uchafu. Nikarudisha barakoa, mdomo wa mtoto ukiwa wazi kidogo chini yake, nikaminya, na kifua cha mpira kikainuka kama mkate tumboni mwa tanuri.

Basi nikaomba, macho yamekodoka. "Bwana, mhurumie. Bwana, mhurumie." Naminya kwenye Bwana, naachia kwenye mhurumie. Niligundua kwamba nikiomba hivyo bila pupa napata pumzi kama arobaini kwa dakika, sawasawa na kitabu.

"Dakika moja imepita," alisema Elkana. "Mapigo ya moyo mia na kumi. Hajaanza kupumua mwenyewe."

"Naendelea."

"Sasa anapumua. Analia."

"Naacha. Anawekwa kifuani kwa mamake, ngozi kwa ngozi, amefunikwa. Namtazama bila kumwacha."

Elkana akapiga makofi peke yake. Mwalimu Fairuz aliandika jambo, akafunga faili.

"Hewa ulianza kumpa sekunde ya hamsini na mbili. Ulipoona kifua kimekwama ulitafuta sababu. Umepita," alisema, kwa sauti ya mtu anayekuambia kitunguu kimepanda bei. "Saa nane mchana tukutane Mlaleo. Mtoto yupo?"

"Yupo."

Mtoto alikuwa mjukuu wa Bi Samiha, mwenye nyumba wangu. Nimepanga vyumba viwili vya nyuma kwake miaka tisa. Bintiye, Rania, alijifungua Jumatano alfajiri katika hospitali ya uzazi na kurudishwa nyumbani Alhamisi. Tangu hapo yumo katika arobaini yake chumba cha pembeni, chenye dirisha la njiani na la uani, na mtu wa arobaini katika nyumba ya Bi Samiha hatoki hata uani. Aliambiwa amrudishe mtoto kliniki Ijumaa apimwe. Bi Samiha akasema mzazi wa juzi hapigwi upepo. Haya niliyajua, na naungama kwamba sikuingia kumtazama yule mtoto siku zote tatu, kwa sababu nikitoka zamu nilikuwa nikikimbilia Ronny.

Mwalimu Fairuz alinieleza masharti mlangoni. "Una nusu saa. Mimi ni kiti tu, siulizwi wala sijibu. Fomu ijazwe yote. Na jamaa wakikataa kuendelea, wana haki, lakini mtihani utakuwa umevunjika."

"Na leo ndiyo siku ya mwisho."

"Leo ndiyo siku ya mwisho."

Nikapiga hodi.

"Karibuni, karibuni," Bi Samiha aliitikia kutoka ndani. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu walio mtaa wa pili. Mwalimu wangu alimpa shikamoo, na Bi Samiha hakumwachia mkono. "Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa kina nani? Uso huu naujua. Si wa Kuze wewe? Mamako nani?"

Kiti kilikuwa kimeshaulizwa. Mwalimu Fairuz alinitazama, akatazama saa, adabu ikashinda, akajibu. Walipomaliza kutafutana hadi kwa bibi mmoja aliyeolewa Lamu, dakika nne zangu zilikuwa zimekwenda.

Chumba cha Rania kilikuwa na giza la saa moja jioni. Mapazia mazito mekundu, kitezo cha udi pembeni, na balbu moja ya rangi ya siagi juu ya kitanda. Rania alikuwa ameegemea mto, binti mpole wa miaka ishirini na sita, macho yamechoka. Mtoto alilala ubavuni pake akiwa amevikwa kanga laini. Nikanawa mikono, nikamfunua.

Aling'aa. Tangu utosi hadi vidole vya miguu alikuwa amepakwa bizari iliyopondwa na mafuta ya nazi, rangi ya njano iliyoiva, hata kwenye mikunjo ya shingo.

"Mashaallah," nilisema, na moyoni nikasema, Bwana, kwa nini mimi?

"Kila alfajiri namwosha na kumpaka mwenyewe," Bi Samiha alisema. "Ngozi yake itakuwa kama hariri. Wewe andika tu kwamba mtoto hajambo."

"Nitaandika, Mama. Kwanza niulize." Nikamgeukia Rania. "Mimba ilitimia?"

"Wiki thelathini na tisa."

"Damu yako ni kundi gani?"

"O," alisema Rania.

"Na binti yako wa kwanza, dada yake huyu, alipozaliwa aliwahi kuwa na umanjano?"

"Alikuwa nao kidogo," alidakia Bi Samiha. "Tukamwanika jua la asubuhi, akapoa."

"Huyu ananyonya vipi?"

"Huyu ni mtoto wa peponi," Bi Samiha alisema kwa fahari. "Halii. Hasumbui. Yuwalala tu, usiku na mchana. Hata kunyonya ni sisi tumwamshe, naye avute mara mbili, alale tena. Dadake alitutoa roho, lakini huyu, wallahi, sijaona mtoto mtulivu hivi."

Kalamu yangu ilisimama. Mtoto wa siku tatu asiyelia, asiyetaka ziwa, mama wa kundi O, na dada aliyewahi kupata umanjano. Nyumba nzima ilikuwa inamshukuru Mungu kwa kitu ambacho kitabu kimekiandika kama dalili ya hatari.

Nikabonyeza paji la uso kwa kidole, kama inavyotakiwa, damu isogee nione rangi ya ngozi yenyewe. Ngozi ilikuwa njano. Kidole changu pia kilikuwa njano.

"Hiyo ni bizari," alisema Bi Samiha.

"Najua ni bizari, Mama. Nataka nione kilicho chini yake. Naomba tufungue pazia. Umanjano hautazamwi kwa taa, hasa taa hii. Ni mwanga wa mchana."

"Pazia halifunguliwi. Njia nzima iko pale. Kila apitaye atie jicho lake kwa mtoto asiyetimiza siku saba?"

"Basi dirisha la nyuma."

"Nalo?"

"Nalo latazama uani kwangu. Hakuna anayepita ila mimi, na nguo zangu ziko kambani. Nguo hazina jicho."

Rania alicheka, mara ya kwanza. Bi Samiha alinikazia macho, akaenda kulifungua mwenyewe, nusu. Dakika ya kumi na sita. Nikambeba mtoto hadi kwenye mwanga. Nikamfungua jicho taratibu, maana hakutaka kulifungua. Weupe wa jicho ulikuwa na rangi ya chai ya tangawizi.

"Mato yameingia bizari," Bi Samiha alisema. "Nilipomwosha alitikisa kichwa."

Nikabonyeza fizi. Njano.

"Na fizi?" niliuliza.

"Atakuwa amelamba mkono."

Jamani! Nilitamani kukaa chini sakafuni. Nikamtazama Mwalimu Fairuz, naye alikuwa anatazama karatasi yake kama kiti kinavyotazama. Sikuweza hata kujua kama anaamini ni ugonjwa au ni bizari. Yeye pia amelelewa katika nyumba za namna hii.

Macho na fizi viliniambia kwamba umanjano upo. Havikuniambia umeshuka hadi wapi. Umanjano huanza usoni na kushuka: kifua, tumbo, mapaja. Ukionekana kwenye viganja na nyayo, si wa kungoja. Mtoto anakwenda hospitali saa ile ile, kwa sababu ukizidi huingia ubongoni, na ukishaingia unaweza kumwachia kilema cha maisha, au kumuua. Kwa hiyo nilitaka nyayo. Na nyayo za yule mtoto zilikuwa zimepakwa kuliko mahali popote, tabaka nene, lililokauka kama plasta.

"Mama, naomba maji ya vuguvugu na sabuni. Nimfute nyayo."

"La."

"Nyayo tu."

"Nimesema la. Ameshaoshwa alfajiri. Harudi majini hadi kesho. Wataka apate kifua? Pasikalia, nimekufungulia dirisha, sasa wataka kuniendeshea nyumba?"

Dakika ya ishirini na mbili. Nikatazama fomu. Kwenye mstari wa nyayo na viganja kulikuwa na visanduku vitatu: kawaida, njano, na cha tatu kilichoandikwa *haikuwezekana kuchunguza*. Kisanduku halali. Nikikitia alama, nikaandika sababu, nikashauri apelekwe kliniki Jumatatu, fomu ingekuwa imejaa na hakuna ambaye angenilaumu. Ningekuwa na diploma. Nikimbana Bi Samiha, angetutoa nje, mtihani ungevunjika, na ningerudi kwa zile rimu mwaka mzima.

Mtoto alikuwa mkononi mwangu. Nilimgusa wayo kwa ukucha, mguso ambao ungemfanya mtoto yeyote arushe mguu na kupiga kelele. Alikunja uso kidogo, akalala.

Nikaomba, macho wazi. Sikuomba maneno mengi. Bwana, mlainishe mama huyu, na kama hapana, nifanye mgumu mimi.

"Mama," nikasema, "sikuombi kumwosha. Ni kama mtu anayetawadha. Ni miguu tu, basi."

"Wewe wajua nini kutawadha?"

"Nimekaa kwako miaka tisa. Kila alfajiri nakusikia bombani. Na kipupwe kikivuma hujawahi kuacha miguu yako kwa kuogopa kifua."

Rania alifunika mdomo kwa kanga. Mwalimu Fairuz alikohoa. Bi Samiha akaikaza kanga yake kiunoni.

"Mmoja!" alisema mwishowe. "Wayo mmoja. Na akipiga chafya mtoto huyu, utamlea wewe."

Alileta maji mwenyewe, akayajaribu kwa kiwiko, akanisimamia kichwani. Nilifuta kwa kitambaa na sabuni. Mafuta yalitoka, bizari ikatoka, kitambaa kikawa njano, nikageuza upande safi, nikafuta tena, hadi kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Nikaukausha ule wayo mdogo kuliko kidole changu gumba na cha shahada kwa pamoja. Nikaupeleka dirishani. Nikabonyeza, nikaachia.

Ulikuwa njano. Hakuna bizari tena ya kusingizia.

Bi Samiha aliinama, akausugua mwenyewe kwa pembe ya kanga yake. Akasugua tena. Kanga haikupata rangi yoyote.

Kiti kikasimama. Mwalimu Fairuz, ambaye hakutakiwa kusogea, alikuja hadi dirishani, akautazama ule wayo, akanitazama mimi, akarudi kukaa.

"Rania," nikasema, "mtoto aende hospitali. Leo, sasa hivi. Apimwe damu, wajue kiasi. Huenda akawekwa chini ya taa maalumu za kutibu umanjano."

"Taa za nini?" Bi Samiha alikuja juu. "Jua la Mungu lipo! Kesho alfajiri namwanika, kama dadake."

"Mama, jua la dirishani si dawa ya kiasi hiki. Litamchoma au atapigwa na baridi, na umanjano uko pale pale unapanda. Kesho yaweza kuwa imechelewa."

"Na huyu mzazi? Siku ya tatu, umtoe nje? Baada ya arobaini mtu akiumwa mgongo maisha yake yote, utakuwepo wewe?"

"Nitakuwepo. Niko nyuma ya nyumba."

"Usinijibu ujeuri, Pasikalia!"

"Sikujibu ujeuri, Mama, nakujibu kwa sababu umeuliza!"

Sote wawili tulikuwa tumepaza sauti, na mtoto hakushtuka. Hilo ndilo lililosikika zaidi, ule utulivu wake katikati ya kelele zetu. Nadhani Rania alilisikia kabla ya mamake. Aliteremsha miguu kitandani.

"Mama," alisema, "nipe buibui langu."

"Rania!"

"Nipe buibui langu, Mama, na umpigie Yeslam alete gari."

Yeslam, mumewe, alikuwa dukani kwao Bakarani. Alifika kabla sijamaliza kuandika barua ya rufaa, niliyoiandikia gotini: siku ya tatu, macho, fizi na wayo njano, ananyonya vibaya, mzito kuamka, damu ya mama O. Nilimwambia Rania ajaribu kumnyonyesha njiani, amfunike vizuri, na asimpe maji ya sukari wala kitu kingine hata akishauriwa na nani. Bi Samiha alisikia hiyo "na nani", akajua ni yeye. Alipanda gari kiti cha nyuma bila kuniaga.

Tulibaki kibarazani, mimi na mwalimu.

"Dakika arobaini na moja," alisema.

"Najua."

"Uzito hukuujaza."

"Najua, Mwalimu."

"Viganja hukuvitazama kabisa."

"Mwalimu, wayo mmoja tu umenichosha hivi!"

Alitaka kucheka, akajizuia. "Matokeo ni Jumanne," alisema, akafunga faili na kwenda zake.

Jioni ile Yeslam alinipigia simu. Kipimo cha umanjano katika damu kilikuwa mia tatu na arobaini, juu ya mstari wa kuanza matibabu kwa mtoto wa umri ule. Damu ya mtoto ilikuwa kundi A, na kingamwili kutoka damu ya mamake zilikuwa zinavunja chembe nyekundu za damu yake. Walimweka chini ya taa za buluu, uchi ila nepi, macho yamefunikwa, akitolewa kunyonya tu. Daktari aliwaambia wamefika kwa wakati, taa zitatosha. Nilikata simu, nikapiga magoti, na safari hii nilifumba macho muda wote nilioutaka.

Jumanne matokeo yalibandikwa ukutani. Nilikuwa na hamsini na sita, na alama ya kupita ni hamsini. Chini ya jina langu Mwalimu Fairuz aliandika kwa wino mwekundu: *Muda umepita. Uzito haukuandikwa. Viganja havikuchunguzwa. Wayo ulichunguzwa.* Elkana alisema ningestahili tisini. Nilimwambia anyamaze kabla hawajahesabu upya.

Mtoto alirudi nyumbani Jumanne hiyo jioni. Jumatano walimpa jina, Imad, na harufu ya pilau ilinifikia nyuma, lakini mimi sikuitwa. Bi Samiha alikuwa hajasema nami tangu Jumamosi. Nilimsalimia bombani, akaitikia marahaba uso ukutani. Nilisononeka, kisha nikakasirika, kisha nikamkabidhi kwa Mungu, kisha nikamchukua tena nikaendelea kukasirika.

Alhamisi asubuhi nilikuwa naanika nguo. Dirisha la nyuma likafunguka, lote.

"Pasikalia! Ndoo."

"Abee, Mama."

"Ndoo hapa, upesi, kabla upepo haujaingia."

Nikaenda dirishani, maana ndoo ya Bi Samiha ni njoo. Alikuwa amempakata mjukuu wake, na mjukuu alikuwa analia kwa sauti ya kuvunja vyombo, ngumi zimekunjwa, akitafuta ziwa kwa hasira. Alikuwa amepakwa bizari. Utosi, shingo, kifua, mapaja. Lakini rangi ilikoma kwenye vifundo vya miguu, mstari ulionyooka kama soksi, na chini ya hapo nyayo zote mbili zilikuwa tupu, zimeoshwa.

"Tazama nyayo zako uende zako," alisema.

Nikabonyeza mmoja, nikaachia. Kisha wa pili. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeandikwa kwa wino mwekundu, nikafungua ngumi zake nikatazama viganja.

"Vinapendeza, Mama. Lakini ngozi iliyokaa chini ya zile taa hudanganya. Walisema arudishwe kupimwa damu lini?"

"Kesho."

"Na mtakwenda?"

"Ala! Mtu huyu hashibi!" Bi Samiha alimgeukia Rania aliyekuwa kitandani, kisha akanigeukia mimi. "Tutakwenda. Na ile sahani hapo juu ya meza ni pilau yako ya jana, nimekuwekea, usiniambie imepoa, ulikuwa wapi usije kuichukua? Haya, pokea, kisha nisukumie dirisha hilo. Nusu. Usilifunge lote."